Usiku wa Kwanza Bwenini, Rasimu ya Pili

Likasi, Jumapili 22 Septemba 2024

Shangazi Marceline,

Jambo sana. Nakuamkia wewe kwanza, kisha Baba, kisha wadogo zangu, na yule mbuzi anayekula chaki zako. Mimi mzima. Simu zetu zimefungwa kwenye kabati la Masere Dominique, mtawa anayetulinda bwenini, hata Jumapili hatupewi, kwa hiyo nimeamua kuandika. Barua hii inakuja na Mama Carmen akimaliza kuuza samaki wake hapa sokoni. Umpe jibu lako akirudi mjini.

Chakula si kibaya. Bukari inasongwa ngumu kidogo, na majani ya sombe hayana mawese ya kutosha. Kitanda changu kiko karibu na dirisha. Cha pili ni cha msichana anaitwa Jenny, wa Kolwezi, baba yake ni Muluba wa Kasai. Ni mtaratibu. Yuko pia Gaëlle wa darasa la nane, anayejua habari za kila mtu.

Umeniuliza kupitia kwa Mama Carmen usiku wa kwanza nililalaje. Nililala vizuri.

Sasa neno lenyewe. Mwalimu wetu wa Kiswahili anaitwa Arsène. Anatufundisha mara mbili kwa juma. Ametupa insha ya masimulizi, kichwa chake: "Usiku Wangu wa Kwanza Katika Shule ya Bweni". Maneno yasipungue mia tatu wala yasizidi mia nne. Nimeshaandika, na nimefanya kama ulivyonifundisha: methali tatu, moja mwanzoni, moja katikati, moja mwishoni. Sikiliza ninavyofungua:

"Ilikuwa siku ya siku. Ndege walikuwa wakiimba nyimbo tamu juu ya matawi, na jua lilikuwa likitabasamu, nilipowasili katika shule yenye sifa kemkem. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mvumilivu hula mbivu."

Darasa zima hakuna aliyeandika "kemkem". Naomba uniombee.

Mtoto wako,
Fidélie

*

Tshangalele, Jumapili 6 Oktoba 2024

Mwanangu Fidélie,

Tumepokea barua yako na tumeisoma mara nyingi hata imelegea mikunjo. Baba yako alikuja kutoka kazini Koni Jumamosi, akaisikiliza amesimama, kofia mkononi. Kisha alikula vizuri. Wadogo zako wazima. Mvua bado. Ziwa limerudi nyuma sana na wavuvi wanatembea kwenye matope kabla ya kufika mitumbwini. Mbuzi amekula pia kifutio cha ubao.

"Kemkem" imenifurahisha. Nimewasomea wanafunzi wangu wa darasa la sita mwanzo wako wote, nikawaambia: huyu alikaa pale, kwenye benchi hiyo. Nina hakika mwalimu wako hajapata mtoto wa kijijini anayeandika hivyo. Usisahau koma baada ya "ama kweli", na hitimisho lako lipe funzo, maana insha bila funzo ni bukari bila mboga.

Lakini nimesoma mstari wako kuhusu usiku wa kwanza. Maneno mawili tu: "Nililala vizuri." Wewe, ambaye hapa nyumbani ulikuwa ukinisimulia ndoto zako mpaka chai inapoa! Labda ni uchovu. Nitauliza tena.

Mwenye kukuombea kila jioni,
Shangazi Marceline

*

Likasi, Jumapili 20 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Habari za huko? Mvua mbili zimeshanyesha hapa na vumbi jekundu limetulia. Jenny anakusalimia. Tunafua pamoja siku ya Jumamosi na amenifundisha kusuka nywele kwa uzi.

Nimepata tisa juu ya ishirini.

Nimeandika sentensi hiyo peke yake ili niimalize. Mwalimu Arsène hakunigombeza. Aliniita mbele baada ya kipindi, akaweka kidole kwenye mwanzo wangu. "Ndege walikuwa wakiimba," alisoma. "Ulifika hapa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni, Mwalimu."

"Ulisikia ndege?"

"Apana. Nilisikia jenereta ya jirani."

"Basi jenereta iko wapi ndani ya insha?" Kisha akasema neno lililonikaa: "Kiswahili chako ni kizuri, Fidélie, lakini sikuoni. Mwanzo huu ungeweza kuandikwa na mtoto yeyote, wa shule yoyote, hata asiyewahi kulala bwenini maisha yake yote."

Nililia kidogo chooni, nikanawa uso. Lakini siku iliyofuata alifundisha somo ambalo sikuwahi kusikia, na nataka ulijue lote, kwa sababu najua wewe pia unapenda.

Alichora mlima ubaoni. Chini kushoto akaandika "mwanzo", kwenye mteremko "tatizo", juu kabisa "kilele", na upande wa pili, karibu sana na kilele, "mwisho". Akasema masimulizi si ripoti ya siku. Kengele, chakula, sala, kulala: "Hiyo ni ratiba, na ratiba imeshabandikwa ukutani." Tuchague tukio moja dogo la usiku ule. Lazima awepo mtu anayetaka kitu, na kitu kinachomzuia. Kila aya ibebe hatua moja ya tukio, na hatua inayofuata izaliwe na ile iliyopita.

Kisha vitenzi. Alisema -li- hufungua mlango, -ka- husukuma watu ndani, na -ki- huonyesha jambo linaloendelea pembeni. "Nilisimama, nikachukua ndoo, nikatoka, mbwa akibweka." Mimi nilikuwa nimeandika nili-, nili-, nili- kila mahali, na insha yangu ilitembea kama mtu mwenye gunia.

Kuhusu hisia alitukataza "niliogopa sana" na "nilifurahi ajabu". Tuseme mwili ulifanya nini, msomaji ataogopa mwenyewe. Halafu akatufumbisha macho darasa zima. Usiku ni giza, alisema, macho hayana kazi. Mlisikia nini, mlinusa nini, mikono iligusa nini? Kulikuwa kimya kabisa, Shangazi. Gaëlle hayuko darasa letu, labda ndiyo sababu.

Na mazungumzo: kila msemaji mpya aanze mstari mpya, maneno yake ndani ya alama za mtajo. Masimulizi yawe Kiswahili sanifu, "mtu" si "muntu", "ana" si "iko na". Lakini mtu wa Likasi akifungua mdomo ndani ya insha, aseme kama mtu wa Likasi. Nilinyoosha mkono nikauliza kama hilo si kosa. Akasema, "Kosa ni kumfanya bibi wa sokoni aongee kama redio."

Kuhusu methali (usikasirike) alisema methali ikiwa haina anayeisema wala kazi inayofanya, itolewe. Zangu tatu alizizungushia duara, zote.

Tumepewa wiki mbili kuandika upya. Tukimaliza tusome rasimu kwa sauti. Pale ulimi unapojikwaa ndipo pa kurekebisha. Shida yangu ni kwamba tukio la kuandika ninalo, ila si la kuandika.

Fidélie wako

*

Tshangalele, Jumapili 27 Oktoba 2024

Mwanangu,

Salamu kutoka kwa wote. Mvua ya kwanza imetoboa paa la darasa langu mahali pale pale pa mwaka jana. Baba yako ametuletea bati moja.

Nisikufiche, ile habari ya methali iliniuma. Nilikunja barua nikaenda kupepeta mahindi. Nilipepeta kwa hasira, majirani wakauliza nani amefariki. Kisha jioni nikaifungua tena, nikasoma ule mlima, na zile -li-, -ka-, -ki-, nikaona kwamba huyo kijana anajua kazi yake, na kwamba mtoto wangu ameweza kunifundisha somo zima kwa barua bila kuacha hata kipande. Mara ngapi mtu hupata bahati hiyo?

Nimelijaribu. Jumanne niliwafumbisha macho darasa la sita, nikasema: andikeni asubuhi ya ziwani, kwa masikio tu. Mtoto mmoja, ambaye mwaka mzima hajaandika zaidi ya mistari miwili, ameandika: "Kasia la baba lilipogonga mtumbwi, mama akaacha kusali akawasha moto." Nilisoma, nikainakili ubaoni. Hakuna methali ndani, Fidélie, na hakuna kinachokosekana.

Sasa wewe. Unasema tukio lipo ila si la kuandika. Ni ule usiku wa kwanza, siyo? Kilitokea nini?

Shangazi

*

Likasi, Jumapili 10 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Jambo. Pole kwa paa. Jenny alikuwa na malaria lakini amepona. Nilimletea uji kitandani siku zote. Mvua inapiga bati usiku mpaka hatusikii kengele.

Nimepata kumi na saba! Mwalimu alikata alama moja kwa tahajia na mbili kwa sababu aya yangu ya bombani ilikuwa na matukio mengi. Chini ameandika kwa kalamu nyekundu: "Nimetafuta neno 'aibu' sikulipata, na nimeona aibu ukurasa mzima. Hongera." Anataka niisome mbele ya darasa la saba na la nane, tarehe saba Desemba. Nimekubali.

Nakunakilia yote. Swali lako sijalijibu, najua. Soma tu.

USIKU WANGU WA KWANZA KATIKA SHULE YA BWENI

Taa zilizimika kabla sijamaliza kutandika kitanda.

"Courant imeenda!" mtu alipiga kelele, na bweni zima likacheka. Mimi sikucheka. Choo kilikuwa ng'ambo ya ua, nyuma ya jiko, na nilikuwa nimekunywa vikombe viwili vya chai.

Nilijilaza. Godoro lilinuka sabuni na vumbi. Karibu na kichwa changu mtu alikuwa akitafuna karanga polepole. Nilibana miguu, nikajiambia nitangoja umeme urudi. Huko barabarani lori lilipanda mlima likinguruma, kisha jingine, kisha sikusikia tena kitu.

Nilipoamka mgongo wangu ulikuwa wa moto, halafu ukawa baridi.

Sikusogea. Nilidhani nisiposogea, jambo lile litakuwa halijatokea. Nilivuta shuka hadi mdomoni nikaliuma. Lakini kitanda cha chuma hakijui kutunza siri. Kikalia kila nilipopumua.

"Weye iko unalia?" sauti iliuliza kutoka kitanda cha pili.

"Apana."

"Basi ni kitanda iko inalia."

Nikasikia nyayo sakafuni, kisha mkono ukagusa shuka langu. Nilikingoja kicheko. Mkono ulitulia pale kidogo, kisha ukaanza kuchomoa ncha za shuka chini ya godoro, moja baada ya nyingine.

"Simama," alinong'ona. "Twende tufule, mbele ya kengele."

Tulitoka tumeshikana, yeye akipapasa ukuta, mimi nikikumbatia shuka kama mtoto mchanga. Bomba lilikohoa kabla ya kutoa maji. Yalikuwa baridi hata vidole vikauma. Tulikamua shuka, yeye upande huu, mimi upande ule, tukisogeleana hadi tukagongana vichwa, na hapo nikacheka kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani. Tukaligeuza godoro. Usiku uliobaki tulilala kitanda chake, mgongo kwa mgongo.

Asubuhi shuka lilikuwa bado linadondosha maji kwenye kamba. Wasichana wakalizunguka.

"Ya nani hii?"

Nilishika ncha yake iliyolowa. "Yangu. Nilimwaga maji."

"Maji gani?"

Mmoja wao akaanza kutabasamu. Ndipo yule wa kitanda cha pili akapita katikati yao, mswaki mdomoni. Akatema povu.

"Maji ya kunywa," alisema. "Kikombe ilianguka. Miye nilisikia."

Kengele ikalia, wakatawanyika. Baadaye, kwenye mstari wa uji, nilikumbuka kwamba usiku kucha hatukuulizana majina.

Ndiyo hiyo, Shangazi. Niambie unaionaje.

Fidélie

*

Tshangalele, Jumapili 24 Novemba 2024

Fidélie, mwanangu,

Nakusalimia. Hapa wote wazima. Mama Carmen alipita mara mbili akaniuliza kama nina barua ya kumpa, nikamwambia nina kazi nyingi. Nilikuwa na kazi, ni kweli.

Insha ni nzuri. Niseme hilo kwanza, kwa sababu ni haki yako. Mwanzo unaingia moja kwa moja ndani ya giza. Kilele kipo kwenye kamba ya nguo, hakikuja mapema wala kuchelewa. Na ule mwisho wa mstari wa uji! Hukutoa funzo lolote, na mimi nimepata matatu. Mwalimu wako alikata alama mbili kwa aya ya bombani. Mimi nisingekata hata moja.

Lakini mimi si mwalimu wako tu. Nilikulea tangu ulipokuwa na miaka minne na hukuwahi kulowesha kitanda changu. Najua insha inaweza kubuniwa. Najua pia kwamba mtu habuni vidole vinavyouma kwa maji. Kama ulipatwa na hofu kiasi hicho, kwa nini uliniandikia "nililala vizuri"? Nilikosa nini, hata ukaona afadhali uwaambie watu wa mbali kabla yangu?

Na hiyo tarehe saba. Nakuomba usisome. Insha imeshapata alama yake, iache kwenye karatasi. Wasichana wa rika lako wakipata jina la kumwita mtu hawaliachi mpaka mwaka unaisha. Mwambie Mwalimu koo linauma.

Nijibu neno moja tu: ni wewe?

Shangazi yako

*

Likasi, Jumapili 1 Desemba 2024

Shangazi,

Jambo. Mimi mzima. Mvua nyingi.

Hukukosa kitu. Nimeisoma barua yako nje, nyuma ya jiko, ili nisionwe. Swali lako siwezi kulijibu. Si kwamba sitaki, siwezi. Naomba unipende hivyo hivyo bila jibu.

Nitasoma tarehe saba. Nilishampa Mwalimu neno langu.

Fidélie

*

Likasi, Jumapili 8 Desemba 2024

Shangazi Marceline,

Najua hujajibu ile fupi, lakini siwezi kungoja. Salamu kwa Baba na kwa wote. Kaa chini kwanza.

Jana tulikusanyika ukumbini, darasa la saba na la nane. Mwalimu Arsène alikaa mstari wa nyuma, Masere Dominique karibu na mlango. Nilikuwa nimejizoeza kwa sauti mara nyingi; nilijua pa kupumua, na kwamba pale "nilipoamka mgongo wangu ulikuwa wa moto" lazima nisikimbie. Nilisoma. Mwanzoni walicheka pale pa courant, kama nilivyotaka. Kisha wakanyamaza. Nilisikia hata karatasi yangu nilipoigeuza.

Nilipofika kwenye kamba ya nguo, Gaëlle akasema, si kwa sauti kubwa lakini kila mtu alisikia: "Kumbe ilikuwa mikojo! Fidélie kikojozi!"

Wewe ulijua, Shangazi. Kicheko kilianza nyuma kikaja mbele kama upepo wa ziwani. Masere alipiga makofi wanyamaze. Lakini nilikuwa nimebakiza mistari michache, nikaisoma, mpaka mstari wa uji. Nikainama kushukuru. Wachache walipiga makofi, wengine walikuwa bado wanacheka ndani ya viganja.

Ndipo Jenny akasimama.

Unakumbuka nimekwambia ni mtaratibu? Darasani akiulizwa swali hujibu akiangalia meza. Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, hakukiokota.

"Haikukuwa Fidélie," alisema. "Ilikuwa miye. Shuka ilikuwa yangu. Niliogopa giza ya kwenda choo. Yeye ndiye alifula. Na asubuhi alisema ni yake, miye nikanyamaza."

Basi. Hakukaa. Alibaki amesimama akimtazama Gaëlle, na Gaëlle ndiye aliyetazama chini.

Hiyo ndiyo sababu, Shangazi. Usiku ule, tukiwa bombani, Jenny alinishika mkono akaniambia, "Usiambie muntu. Hata mama yako." Nikasema, "Sitaambia hata muntu mumoja." Wewe ndiye mama yangu. Kwa hiyo nisingeweza kukwambia hata wewe. Na Mwalimu alipotaka tukio la kweli, sikuwa na jingine. Nilikaa na karatasi tupu siku nyingi. Nikiandika "yeye alilowesha", kila mtu anajua nani analala karibu nami. Nikajaribu kubadilisha kitu kimoja tu: nikamfanya yeye mimi, na mimi nikawa yeye. Hapo kalamu ikaanza kwenda. Ajabu ni kwamba nilipoandika "mgongo wangu", ndipo nilipojua alivyoumia. Usiku ule wenyewe nilikuwa nafikiria zaidi maji ya baridi.

Mwalimu Arsène alikuja mbele. Aliniuliza, "Ni kweli anachosema?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nimekosa? Nirudishe alama?"

Akageukia darasa. Akasema: "Andikeni. Anayesema 'mimi' ndani ya insha ni msimulizi, na msimulizi si lazima awe mwandishi. Mwandishi anaruhusiwa kuvaa shati la mwingine." Akatazama karatasi yangu. "Mara nyingi tunavaa shati zuri la mwingine. Huyu amevaa shuka." Kisha akasema tutoke tukapumzike.

Usidhani Jenny alinikumbatia. Alikuwa na hasira nami mpaka jioni. "Nani alikuomba uchekwe sababu yangu?" aliniuliza. Tulipokuwa tukikunja nguo akasema, bila kunitazama, "Ile ya kugongana vichwa haikutokea."

"Niliiongeza."

"Iko muzuri. Uiache."

Na jana hiyo hiyo Masere Dominique, bila kumwambia mtu neno, alitundika taa ya jua kwenye veranda, njia yote ya choo inaonekana. Leo asubuhi Gaëlle alimpa Jenny nafasi mbele yake kwenye mstari. Jenny akaipokea.

Sasa nimejibu neno lako moja. Si mimi. Nisamehe kwa kukuumiza.

Fidélie

*

Tshangalele, Jumapili 15 Desemba 2024

Fidélie wangu,

Nianze na salamu kama inavyopasa: wote wazima, mbuzi amezaa, paa limezibwa, baba yako yuko hapa mpaka Jumatatu.

Nikueleze sasa kwa nini nilichelewa mwezi ule uliopita. Nilikuwa nimefungasha mkoba nije kukuchukua. Niliongea hata na dereva wa lori la samaki aniwekee nafasi. Nilidhani mtoto wangu analala kwenye godoro lililolowa kila usiku na anaona haya kuniambia. Kila jioni nilisoma insha yako nikisema kesho naondoka, na kila jioni nilipofika pale unapocheka bombani nikajiuliza: aliyeandika hivi, je, ni mtoto wa kuokolewa? Mkoba ulibaki mlangoni. Nimeufungua leo.

Nisamehe nini? Ulifunga mdomo kwa ajili ya rafiki hata nilipokusukuma mimi, na nasukuma kwa nguvu, najua. Nimefundisha insha tangu kabla hujazaliwa. Nimesahihisha mapambo mazuri mengi. Sijawahi kuona mtoto akitumia nafsi ya kwanza kama ulivyoitumia. Na huyo Jenny, aliyekuwa amekwisha kufichwa salama, akasimama mwenyewe akajifichua, yeye simjui lakini namheshimu. Mwambie likizo hii, wazazi wake wakikubali, aje nawe. Samaki wapo.

Jana usiku nilimsomea baba yako yote, insha na barua. Unamjua, si mtu wa maneno. Nilipomaliza alisema, "Soma tena pale wanapokamua shuka." Nikasoma. Akasema, "Tena." Nikasoma tena, polepole, na hapo akaondoa kofia usoni nikaona kwa nini alikuwa ameishusha.

"Siku ile ya kumupeleka," alisema, "nilirudi bila kugeuka nyuma. Nilizani naacha mutoto kule." Akasikiliza mvua ikipiga. "Kumbe niliacha muntu."

Akupendaye,
Shangazi Marceline